Karatasi Ilipomtaja: Siri ya Mtoa Taarifa Huvujia Wapi

Oktoba 1983, mtumishi wa ngazi ya chini katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza alitoa fotokopi ya nyaraka mbili za siri zilizopita mikononi mwake kazini, akazipeleka kwenye gazeti la Guardian bila kuacha jina. Aliitwa Sarah Tisdall na alikuwa na umri wa miaka 23. Nyaraka hizo zilitoka kwa waziri wa ulinzi kwenda kwa waziri mkuu. Zilihusu kuwasili kwa makombora ya nyuklia ya Marekani katika kambi ya Greenham Common, na namna serikali ilivyopanga kulikabili Bunge siku hiyo. Tisdall aliona mpango ule ni wa kukwepa maswali ya wabunge. Guardian ilichapisha waraka mmoja tarehe 31 Oktoba.

Gazeti halikumjua. Hakuna mwandishi aliyezungumza naye, hakuna mhariri aliyemwahidi chochote. Mtu angedhani hiyo ndiyo salama kuliko zote: usichokijua huwezi kukisema hata ukibanwa. Lakini miezi mitano baadaye Tisdall alihukumiwa kifungo cha miezi sita, na kilichomfikisha gerezani ni ile fotokopi aliyoipeleka mwenyewe, iliyokabidhiwa serikalini na gazeti lililoipokea.

Nimeianza kesi hii kwa sababu inaonyesha vizuri jambo ambalo mijadala ya kulinda vyanzo hulikosa. Tunazungumza kana kwamba hatari ni siku ile mwandishi anaposimama kizimbani na hakimu kumwambia: taja jina. Siku hiyo ipo, na wapo waliofungwa kwa kukataa. Ila mara nyingi anayemtafuta mtoa taarifa hahitaji kumuuliza mtu. Anahitaji kitu kilichopita mikononi mwa mtoa taarifa, na sababu ya kisheria ya kukidai.

Serikali ya Uingereza ilifanya hivyo hasa. Haikwenda mahakamani kuomba jina. Ilisema: hiyo karatasi ni mali yetu, turudishieni. Kwenye ile fotokopi kulikuwa na alama fulani, na wahariri walikuwa wameziona. Mawakili wa gazeti waliandika kusema kwamba alama hizo huenda zikasaidia kumtambua aliyeitoa, hivyo gazeti lilitaka kuzikata kabla ya kuurudisha waraka. Serikali ilikataa, kwa kuwa hizo alama ndizo ilizozitaka.

Guardian ilijitetea kwa kifungo cha 10 cha Sheria ya Kudharau Mahakama ya 1981, kinachosema mahakama isimlazimishe mchapishaji kufichua chanzo chake isipokuwa inapothibitika kuwa ni lazima kwa ajili ya haki, usalama wa taifa, au kuzuia vurugu na uhalifu. Kifungo kinasomeka kama ngao, lakini maneno yanayofuata baada ya "isipokuwa" yana nafasi ya kupitisha karibu kila kitu. Hoja ya serikali haikuwa kwamba waraka ule wenyewe ulihatarisha nchi. Hoja ilikuwa kwamba mtu anayeweza kutoa waraka kama huu bado yumo ofisini, na kesho atatoa mwingine. Mahakama ya kwanza iliipa serikali ushindi, ya rufaa nayo ikaipa, na tarehe 16 Desemba 1983 gazeti likakabidhi karatasi. Alama zikawaelekeza wapelelezi kwenye mashine ya fotokopi ya Wizara ya Mambo ya Nje, na Januari Tisdall akakiri. Baadaye mwaka 1984, katika ngazi ya juu kabisa ya rufaa, majaji watatu waliunga mkono serikali na wawili wakapinga. Wakati huo karatasi ilikuwa imeshatoka mikononi mwa gazeti na haikuwa na faida tena kwa mtu yeyote.

Kwa nini hawakuichoma? Swali hilo waandishi wanaulizana hadi leo, na jibu lake liko katika saa, yaani ni lini ungeichoma. Kabla serikali haijaandika barua, kuharibu fotokopi iliyokwisha kutumika kulikuwa ni uamuzi wa kawaida wa chumba cha habari. Baada ya madai kufika, kitendo kilekile kinakuwa kuharibu ushahidi. Baada ya amri ya mahakama kutoka, ni kuidharau mahakama waziwazi, na adhabu haiishii kwa mhariri tu. Mahakama inaweza kulitoza gazeti lenyewe faini juu ya faini hadi lifilisike, na pamoja nalo mishahara ya watu ambao hawakushiriki kabisa. Wengi hudhani ujasiri unahitajika siku ya mwisho, lakini siku hiyo njia zilizobaki zote ni mbaya. Njia nzuri ilikuwepo wiki sita nyuma, wakati hakuna aliyekuwa akimtafuta mtu.

Nako huko nyuma kuna mtanziko wake. Waraka ulioutegemea ndio kinga yako ukishtakiwa kwa kashfa. Mtu uliyemwandika akija na wakili kusema umezua, utaonyesha nini? Ukiuharibu, umemlinda mtoa taarifa na kuliacha gazeti wazi. Ukiuhifadhi jinsi ulivyo, umelilinda gazeti na kumwacha mtoa taarifa kwenye kabati lako. Vyumba vya habari vyenye uzoefu hupita katikati. Waraka unasomwa na watu wawili, maudhui yake yanachapwa upya neno kwa neno kwenye karatasi safi, na hao wawili wanaandika maelezo yenye tarehe kwamba wameuona waraka halisi na nakala yao inalingana nao. Kisha ule uliotoka kwa chanzo unaondoka. Nakala iliyochapwa upya haina mwandiko, mihuri, mikunjo wala alama za mashine. Mahakamani ina nguvu kidogo kuliko waraka halisi, na kwa maoni yangu tofauti hiyo ni gharama ambayo gazeti linapaswa kuibeba badala ya kumbebesha aliyeliamini. Hili lifanyike kama utaratibu wa kila siku, kwa kila waraka, mapema. Likifanyika mara moja tu, kwa waraka mmoja, siku ambayo gari la polisi liko langoni, hakuna hakimu atakayekubali kwamba ulikuwa utaratibu.

Miaka 34 baada ya Tisdall, kosa la jamii hiyohiyo lilijirudia kwa vifaa vipya. Mei 2017 Reality Winner, mfanyakazi wa kampuni iliyokuwa na mkataba na Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA, alichapisha kwenye printa ripoti ya siri kuhusu majaribio ya Warusi kuingilia mifumo ya uchaguzi, akaituma kwa posta kwenye chombo cha habari cha The Intercept. Kama Guardian, waliopokea hawakujua imetoka kwa nani. Walitaka kuthibitisha kwamba ni ya kweli, jambo ambalo kila mwandishi makini angelitaka. Wakawapelekea wakuu wa usalama nakala yenyewe.

Kilichofuata kimeandikwa kwenye kiapo cha mpelelezi kilichowasilishwa mahakamani, na kila anayefanya kazi hii angefaa kukisoma. Nakala ilionyesha alama za kukunjwa, kwa hiyo ilikuwa imechapishwa kwenye karatasi na kubebwa nje kwa mkono. Shirika likaangalia kumbukumbu za mfumo wake: ni nani waliowahi kuichapisha ripoti hii? Wakatokea watu sita. Kompyuta za ofisini za hao sita zikakaguliwa, na moja, ya Winner, ilikuwa na baruapepe kati yake na chombo kilekile cha habari, tena juu ya jambo lisilohusiana kabisa na ripoti. Isitoshe, mwandishi alikuwa amempelekea mtu mwingine picha za waraka na kumwambia kwamba bahasha ilipigwa mhuri wa posta wa Augusta, Georgia, mji ambao Winner alikuwa akiishi. Alikamatwa tarehe 3 Juni, siku mbili kabla habari haijachapishwa. Agosti 2018 alihukumiwa kifungo cha miaka mitano na miezi mitatu.

Baada ya skani ya ripoti kuwekwa mtandaoni, wataalamu walionyesha kitu kingine. Printa nyingi za rangi za leza hunyunyiza kwenye kila ukurasa vidoti vya njano vidogo mno visivyoonekana kwa macho ya kawaida, na mpangilio wake hubeba namba ya mashine pamoja na tarehe na saa ya uchapishaji. Vidoti hivyo vilikuwamo. Kiapo hakikuvitaja, na wala havikuhitajika. Mkunjo, watu sita na baruapepe moja vilitosha.

Katika kesi hizi mbili swali la maana kuliko yote lilikuwa lilelile: ni watu wangapi wangeweza kuwa na kitu hiki? Mwandishi anapopokea waraka, hilo ndilo la kumuuliza mtoa taarifa kabla hata ya kuuliza kama uko sahihi. Umetumwa kwa watu 400 au kwa wanne? Uliufungua kwa jina lako la kuingilia kwenye mfumo? Uliuchapisha ofisini? Umewahi kututumia ujumbe kutoka kwenye simu au kompyuta ya mwajiri, hata kutusifia tu makala? Nakala zote zinafanana, au kila mkuu wa idara alipewa yenye koma mahali tofauti, ili ikivuja ijulikane ilikuwa ya nani? Mtego huo wa mwisho ni wa zamani na bado unanasa watu. Kama jibu la swali la kwanza ni wanne, basi kumficha jina si ulinzi tosha, na mtoa taarifa ana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi ili aamue mwenyewe kama aendelee. Wakati mwingine jibu la heshima ni kumwambia asubiri hadi waraka usambae kwa wengi zaidi.

Kuhusu kuthibitisha, njia ipo isiyopitia nakala. Unawaambia wahusika: tuna taarifa kwamba ripoti ya tarehe fulani inasema moja, mbili, tatu, mnasemaje? Unaeleza maudhui na kuacha umbo. Wakikataa kujibu mpaka waone waraka, hapo ndipo unapojua wanataka nini.

Hadi hapa nimemzungumzia dola. Mwajiri naye hutafuta jina, na kesi iliyoweka kipimo kinachotumika katika nchi nyingi za Ulaya ilianzishwa na kampuni. Novemba 1989 William Goodwin, mwandishi kijana aliyekuwa mafunzoni kwenye jarida la The Engineer nchini Uingereza, alipigiwa simu na mtu aliyemweleza kwamba kampuni fulani ilikuwa na shida ya fedha na inatafuta mkopo mkubwa. Goodwin akafanya alichofundishwa: akaipigia kampuni kuuliza. Kampuni ikashtuka, kwa kuwa nakala moja ya mpango wake wa siri wa biashara ilikuwa imetoweka. Ikapata amri ya kuzuia habari isichapishwe, kisha ikaomba amri ya pili: Goodwin atoe daftari lake, ili ajulikane aliyemtonya. Alikataa, akatozwa faini ya pauni 5,000.

Kesi ilifika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ambayo mwaka 1996, kwa kura 11 dhidi ya 7, iliamua kwamba haki ya Goodwin ilivunjwa. Hoja yake inafaa kufuatwa taratibu. Kampuni ilikuwa imeshapata amri ya kuzuia uchapishaji, kwa hiyo madhara makubwa yaliyohofiwa yalikuwa yamezibwa. Kilichobaki ni hamu ya kumpata mfanyakazi asiye mwaminifu na kumfukuza. Mahakama haikusema hamu hiyo haina msingi. Ilisema haina uzito wa kutosha kuvunja siri ya chanzo, kwa sababu chanzo kimoja kikivunjwa vingine vitanyamaza, na hasara hiyo inaupata umma mzima. Anayedai jina anapaswa kuonyesha kwamba kuna maslahi ya umma yanayoushinda umuhimu huo. Kipimo hiki ni cha maana kwa sababu kinamrudishia mdai mzigo wa kuthibitisha. Kikomo chake ni kwamba kinamlinda mwandishi mbele ya jaji, na hakimzuii mwajiri kumtafuta mtu wake mwenyewe ndani ya nyumba yake.

Na ndani ya nyumba, mwajiri ana kila kitu: kumbukumbu za seva, kamera za mlangoni, orodha ya simu za ofisini. Mwaka 2016 bodi ya benki ya Barclays ilipokea barua zisizo na jina zilizolalamikia uajiri wa ofisa mmoja mwandamizi. Mtendaji mkuu, Jes Staley, aliwaagiza watu wa usalama wa benki wamtafute aliyeandika. Hawakumpata. Mei 2018 wadhibiti wa Uingereza walimtoza Staley mwenyewe faini ya pauni 642,430, na Desemba mdhibiti wa fedha wa New York akaitoza benki dola milioni 15. Adhabu ilitolewa kwa kutafuta tu. Huo ndio ulinzi wenye meno, kwa sababu unamgusa anayetafuta kabla hajapata. Sheria nyingi za kuwalinda watoa taarifa huanza kufanya kazi mtu akishafukuzwa, na hapo anatakiwa yeye athibitishe kwamba amefukuzwa kwa kusema, wakati mwajiri ana faili nene la "utendaji hafifu" lililoanza kujazwa wiki moja baada ya barua.

Kuna mtanziko mwingine ambao unatokea upande wetu wenyewe, na ndio unaoniuma zaidi. Ahadi ya kuficha jina ni ya nani, ya mwandishi au ya gazeti? Mwaka 1982, siku chache kabla ya uchaguzi katika jimbo la Minnesota, Marekani, Dan Cohen, aliyekuwa akifanya kampeni upande mmoja, aliwapa waandishi kumbukumbu za mahakama zilizomchafua mgombea wa upande wa pili. Waandishi walimwahidi kutotaja jina lake. Wahariri wa magazeti mawili wakaamua vingine: kwao habari kubwa ilikuwa ni nani anayezisambaza karatasi hizo. Wakamtaja, na siku hiyohiyo Cohen akapoteza kazi. Alishtaki, na mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikasema uhuru wa habari hauyakingi magazeti dhidi ya madai ya kuvunja ahadi. Mwishowe alibaki na fidia ya dola 200,000.

Wahariri wale hawakuwa na hoja dhaifu. Mpiga kura alistahili kujua kwamba shutuma zimetoka kambi ya mpinzani. Lakini hoja hiyo ilipaswa kutolewa kabla ya ahadi, mwandishi akamwambia Cohen: sikupi siri kwa jambo hili, ondoka na karatasi zako. Kwa hiyo mwandishi anapoahidi, aseme anaahidi kwa niaba ya nani. Je, mhariri atalijua jina? Wakili atalijua? Gazeti likiuzwa, au likisalimu amri mahakamani, je? Na yeye mwandishi yuko tayari kwenda hadi wapi? Kama hawezi kufungwa kwa ajili ya siri hii, mtoa taarifa ana haki ya kulisikia hilo leo.

Wanaoendesha majukwaa ya mtandaoni wamo humuhumu. Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, alikamatwa Dar es Salaam na kushtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji waliochangia bila majina halisi. Kesi ziliendelea kwa miaka. Seva inayohifadhi anwani za mtandao za watumiaji ni sawa na fotokopi ya Tisdall iliyolala kabatini, na amri ya kuitoa huja wakati ambao kuifuta ni kosa tayari. Muda wa kuhifadhi kumbukumbu hizo, siku 7 au miaka 2, ni uamuzi wa kulinda vyanzo, hata kama unafanywa na fundi mitambo ambaye hajawahi kuandika habari.

Je, yupo mtoa taarifa ambaye jina lake linaweza kutolewa? Mimi naona mawili. Yule anayesema atamdhuru mtu, na kuna muda wa kumwokoa huyo mtu. Na yule aliyedanganya kwa kusudi, akijua, ili atumie gazeti kumwangamiza mwingine, maana ahadi ilitolewa kwa ajili ya ukweli alioahidi yeye. Lakini hapa tahadhari ni kubwa: kukosea si kudanganya. Mtu wa ndani mara nyingi huona kipande tu cha jambo na kukitafsiri vibaya kwa nia njema. Ukimtaja huyo kwa sababu habari imekuaibisha, umemwadhibu kwa kazi ya kuhakiki ambayo ilikuwa yako.

Zaidi ya hapo, kuna ruhusa. Mtoa taarifa akikuachilia mwenyewe, umeachiliwa. Mwaka 2005 Judith Miller wa New York Times alikaa gerezani siku 85 akikataa kutoa ushahidi juu ya ofisa wa Ikulu ya Marekani aliyezungumza naye. Ofisa huyo alikuwa tayari ametia saini fomu ya jumla ya kuwaruhusu waandishi waseme. Miller hakuitambua fomu hiyo, akisema mfanyakazi anayepewa karatasi kama hiyo kazini hawezi kukataa bila kujitia hatiani. Alitoka baada ya ofisa huyo kumwandikia na kuzungumza naye moja kwa moja kwa simu. Unaweza kubisha kama siri ile ilistahili kulindwa, kwa kuwa aliyekuwa nyuma yake alikuwa mtu mwenye mamlaka na si mnyonge. Juu ya fomu alikuwa sahihi. Ruhusa inayoletwa na mwajiri, ikiwa na saini ya kila mtu idarani, inamwonyesha kidole yule mmoja asiyetia saini. Ruhusa halali inatoka kwa mtoa taarifa mwenyewe, akiwa ameshazungumza na wakili asiyelipwa na ofisi yake, na anajua ni maneno gani hasa yatakayosomwa mahakamani.